Risiti za Julai zisizosomeka na vithibitisho ninavyohitaji

Mama Rehema, shikamoo.

Nimemaliza kupanga risiti za mgahawa za Julai 2025. Saba zilikuwa hazisomeki. Ya gesi ya tarehe 19 nimeiokoa: kiasi kimefutika lakini namba ya uhakiki na saa vinaonekana, nikaipata yote kwenye verify.tra.go.tz. Hiyo usihangaike nayo. Zilizobaki naomba vithibitisho vyake kabla ya Jumatano tarehe 13 Agosti, kwa sababu ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20.

Anza na ya mafuta ya kupikia, duka la jumla Kariakoo, 14 Julai. Daftari lako linasema Sh 495,600. Humo ndani kuna VAT ya Sh 75,600, na bila risiti ya EFD hatuwezi kuidai. Ujumbe wa M-Pesa ulionitumia unaonyesha hela imetoka tu. Hausemi imenunua nini, wala hauna TIN na VRN ya muuzaji. Nenda dukani na tarehe, kiasi na TIN yetu, uwaombe nakala ya risiti ileile kutoka kwenye mashine. Ya kuandika kwa mkono usipokee, wala wasikukatie mpya ya tarehe ya leo. Hayo yatakuwa mauzo mengine kabisa.

Petroli ya bodaboda ya mgahawa, tarehe 3 (Sh 40,000) na tarehe 22 (Sh 35,000): hapa hatuna VAT ya kudai, ila ni gharama za biashara, hivyo nakala za sheli bado zinahitajika. Luku ya tarehe 8 ni rahisi, nitumie ule ujumbe wenye tokeni na mchanganuo wa makato.

Fundi wa friji, Sh 120,000, stakabadhi yake imelowa hadi jina halionekani. Akuandikie ankara yenye jina, simu, TIN yake, kazi aliyofanya na sahihi, nami nitaiambatanisha na taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo. Akianza kukuzungusha nipe namba yake, nitaongea naye mwenyewe.

Kodi ya pango: muhuri wa mwenye nyumba umesambaa wino juu ya kiasi. Naomba hati ya malipo ya benki na nakala ya mkataba, kisha uniambie kama ulimkata zuio la asilimia 10 au ulimlipa yote.

Nimeona risiti nyingi zina mafuta na zimekuwa nyeusi upande mmoja. Droo iliyo karibu na jiko haifai, ihamishie kaunta. Kila risiti ipige picha siku hiyohiyo unitumie WhatsApp, na karatasi yenyewe usiitupe.

Nipo ofisini hadi saa kumi na moja jioni. Jumamosi nafunga saa saba.

Neema
Mtunza hesabu wako