Barua ya kupinga alama za tathmini yangu, Julai 2024 hadi Juni 2025

Njoro, 21 Julai 2025

Kwa Madam Meneja wa kituo cha kupoza maziwa. Nakala kwa afisa wa wafanyikazi, ofisi ya Nakuru mjini.

Madam, habari ya kazi. Fomu ya tathmini niliipata Jumatano iliyopita na nikaambiwa niweke sahihi hapo hapo. Niliweka, lakini pembeni niliandika kwa mkono "nimeiona, sikubaliani nayo" ndio isije ikasemwa baadaye nilikubali. Nimepewa 2 kwa jumla kati ya 5, maana yake sipati nyongeza na kuanzia 1 Agosti naingizwa kwa ule mpango wa kurekebishwa wa miezi mitatu. Kuna alama tano kwa ile fomu na zote napinga. Naandika hivi tunavyoongea hapa kituoni, Madam utanisamehe kama si lugha ya ofisi.

Kabla sijafika kwa alama zenyewe, supavaiza aliyejaza hii fomu alikuja kwetu mwezi wa tatu 2025. Tathmini ni ya mwaka mzima. Ile miezi nane ya kwanza hakuwa ananiona nikifanya kazi, na mazungumzo ya katikati ya mwaka ambayo fomu yenyewe inasema lazima yafanyike mwezi wa kwanza hayakufanyika, ile sehemu yake iko tupu mpaka leo, uangalie ukurasa wa pili.

Sasa ubora wa kazi, 2. Maelezo yanasema "tanka lilirudishwa na kiwanda mara mbili kwa uzembe wa mapokezi." Ni kweli tanka lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza 9 Novemba 2024. Maziwa yaliyojaza lile tanka yalipokelewa jioni ya tarehe 8, mimi zamu yangu inaisha saa saba mchana, na rejista ya mapokezi ya hiyo jioni haina sahihi yangu hata mstari mmoja. Sijui vile hiyo imeingia kwa fomu yangu.

Ya pili ni 14 April 2025, na hii naomba uisome polepole. Jumapili usiku stima ilipotea kama saa mbili, maziwa ya jioni yakiwa ndio yamemwagwa kwa tanki na bado yako nyuzi 17. Jenereta haikuwa na dizeli. Nilifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, nikasoma themomita ya tanki nikapata 18, nikaandika kwa kitabu cha halijoto na nikapiga picha ya ile saa ya tanki. Kila mtu hapa anajua maziwa yanafaa yashuke mpaka 4, yakikaa usiku mzima kwa 18 bakteria wanazaana tu mpaka asubuhi. Nikafanya kipimo cha alkoholi, mililita mbili za maziwa na mbili za alkoholi, nikatikisa, nikainua kwa mwanga wa mlango: vipande vidogo vyeupe vimeng'ang'ania glasi kutoka juu hadi chini. Maziwa ya aina hiyo hayawezi kuvumilia moto wa kiwanda, yanaganda ndani ya mashine. Nikampigia supavaiza, hakushika, nikamtumia picha mbili kwa WhatsApp saa kumi na mbili na dakika nne na nikaandika "maziwa yameshindwa alkoholi, nisipakie?" Jibu lake lilikuja dakika sita baadaye: "Pakia tu, lori liko njiani." Skrini shoti nimeambatanisha. Nilipakia kwa sababu niliambiwa nipakie, na kwa delivari noti niliandika "alkoholi: imeshindwa" kabla dereva hajaondoka, nakala ya waridi iko kwa faili. Kiwanda kiliyarudisha kwa sababu ile ile niliyoandika. Kama kuna mtu alipima vizuri hiyo siku Madam, ni mimi.

Mahusiano na wakulima nimepewa 1, na hii ndio iliniuma zaidi. Imeandikwa wakulima watatu walilalamika kwamba nakataa maziwa yao kwa madharau. Wawili sitawazungumzia sana, majina yao yako kwa rejista ya maziwa yaliyokataliwa, na wote bado wanaleta maziwa kila asubuhi na kunisalimia. Mmoja alikuwa ananuka dawa ya ng'ombe kwa mkebe, ukifungua kifuniko inakupiga puani, mwingine mkebe ulikuwa wa plastiki wa mafuta ya kupika na hiyo hatukubali kwa mtu yeyote. Huyu wa tatu ndiye mkulima mkubwa mwenye mikebe sita, ambaye alipiga simu mpaka ofisi ya Nakuru. Siku ile laktomita ilisoma 24 na maziwa yalikuwa nyuzi 23. Yetu imetengenezewa nyuzi 20, kila nyuzi moja juu unaongeza 0.2, kwa hivyo nikaongeza 0.6 ikawa 24.6. Kiwango kilichobandikwa pale ukutani ni 28 kwenda juu. Nilirudia kwa mkebe mwingine, kijana aliyeleta akiangalia, akasoma namba mwenyewe kwa sauti. Hapo hakuna madharau, laktomita haijui mkulima ana ng'ombe wangapi. Siku ya tatu mikebe ile ile kutoka boma lile lile ilisoma 29 na nikapokea yote sita bila neno. Kama nilikuwa na chuki naye ningeyakubali haya ya pili? Na kuna kitu kingine hakikuwekwa kwa fomu: wachukuzi wa bodaboda wa upande wa Mau Narok, kumi na mmoja, wamenisainia karatasi wakisema nikikataa maziwa huwa nawaonyesha kipimo na kuwaeleza. Hawakuulizwa na yeyote, nimewauliza mimi.

Rekodi nimepewa 2, maelezo: "lita zinapotea, hesabu za mapokezi na za tanka hazilingani." Madam hii nilikaa chini nikaifanya na kalkuleta kwa mwezi wa tatu wote kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na hasira. Mapokezi yetu yanaandikwa kwa kilo, kwa sababu mizani ya jukwaani inasoma kilo. Tanka linasomwa na dipstiki, na dipstiki inasoma lita. Aliyelinganisha alichukua 92,700 ya mapokezi akatoa 89,850 ya tanka akapata 2,850 zimepotea, akaandika lita. Lakini lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03, ndio maana laktomita inasoma karibu 30. Ukigawa 92,700 kwa 1.03 unapata lita 90,000. Ukitoa 89,850 tofauti ni lita 150 kwa mwezi mzima, na hapo ndani kuna maziwa ya vipimo, yanayobaki kwa mikebe na kwa paipu. Hiyo ni chini ya nusu lita kwa kila mia mbili. Ukitaka chukua mwezi wowote mwingine ufanye hivyo, vitabu vyote viko kwa kabati la chini. Mimi sikuiba maziwa na sikuyapoteza. Nimeitwa mwizi kwa lugha ya adabu kwa sababu mtu alitoa lita kwa kilo, na wenzangu wamesikia hiyo habari jikoni.

Mahudhurio, 2. Siku ambazo sikuwepo ni tisa. Nne zilikuwa likizo yangu ya mwaka na ulinisainia wewe mwenyewe Madam, mwezi wa kumi na mbili. Tano ni za ugonjwa, mwezi wa pili, nilileta barua ya hospitali siku niliporudi na ikapigwa muhuri ya kupokelewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyikazi angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili kwa mwaka, tano ni ndani ya hapo. Kuhusu kuchelewa, imeandikwa mara moja, tarehe 25 Juni. Hiyo ni siku ya maandamano, Kaptembwa matatu hazikuwepo kabisa, nilitembea mpaka nikapata pikipiki na nikafika saa tatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshampigia mlinzi na mwenzangu wa usiku, akabaki akapokea mikebe ya kwanza. Hakuna maziwa yaliyorudi nyumbani siku hiyo.

Ushirikiano, 2, "anabishana." Hii hata sijui nijibu nini. Vijana wawili walioajiriwa mwezi wa tisa ni mimi niliwafundisha laktomita na alkoholi, na mmoja ndiye anashika zamu ya jioni sasa. Zamu za watu wengine nilizoshika ziko kwa ratiba ya ukutani, majina yamekatwa yakaandikwa yangu. Kama kubishana ni kuuliza "nisipakie?" basi sawa, nilibishana.

Ninachoomba ni hiki. Fomu irudiwe na mtu mwingine asiye supavaiza wangu, akiwa na rejista ya mapokezi, kitabu cha halijoto na delivari noti mbele yake. Ule mpango wa 1 Agosti usimame mpaka hiyo ifanyike. Nipewe nakala ya malalamiko ya wakulima kama yaliandikwa, maana mimi sijawahi kuonyeshwa. Na tukikaa kuongea nataka nije na mwenzangu mmoja, kwa sababu hii alama inaelekea kwa neno "utendaji duni" na kifungu cha 41 cha hiyo sheria kinasema kabla ya mtu kuachishwa kwa sababu hiyo lazima aelezwe, na asikizwe akiwa na mwenzake aliyemchagua. Sijasema tumefika huko, ila nataka ijulikane mapema.

Niko zamu ya asubuhi wiki hii yote, baada ya saa saba niko huru siku yoyote ila Alhamisi, hiyo ni siku ya kuosha tanki na dawa na nikimaliza huwa nimelowa. Picha, skrini shoti, nakala za rejista, hesabu ya mwezi wa tatu, barua ya hospitali na karatasi ya wachukuzi nimeziweka kwa bahasha moja ya kaki, nimeiacha kwa karani wako na amenisainia.

Wako,
Karani wa mapokezi, zamu ya asubuhi
Namba ya kazi 0147