Laba nyeupe

Mama Salma anauza viatu vya mtumba Karume, meza ya tatu kutoka kwa muuza chai. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Zuhura, binti wa kaka yake, amfungulie ukurasa wa kuuzia kwenye simu. Aliyepiga ni mmoja tu, na huyo alikosea namba.

Tangazo lenyewe lilisomeka vizuri: "Viatu bapa vya kike, ngozi halisi, ubora wa hali ya juu." Zuhura kasomea masoko chuoni, nani ambishie?

Jumamosi, mvua ilipokatika, akaja mama mmoja, mwavuli unachuruzika.

"Dada, una simpo nyeusi? Za kazini, nasimama kutwa."

Akamtolea namba 39. Yule mama akatandika kipande cha boksi chini, akakanyagakanyaga, akaomba apunguziwe elfu mbili. Wakamalizana kwa elfu kumi na tatu.

Mama Salma alikuwa anahesabu chenji neno lilipomrudia. Simpo. Mbona yeye mwenyewe hajawahi kutamka "viatu bapa" tangu azaliwe?

Akageuza daftari la madeni, akaanza kuandika kwa nyuma. Binti aliyekuja na mama yake alitaka mchuchumio wa sendofu, "usiwe mrefu, ataniangukia ukumbini," mama mtu akasema. Kijana wa bodaboda aliulizia raba kali isiyoshika tope. Mwingine hakutaja kiatu kabisa: "Mguu wangu mpana, kila nikivaa kinanibana kidole cha mwisho." Hapo Mama Salma alipiga mistari miwili. Mguu mpana! Anazo jozi sita za namna hiyo chini ya meza, zina vumbi, na hakuna mahali alipoandika kwamba ni pana.

Kabla ya kufunga, msichana mmoja akamnyooshea simu amwonyeshe picha ya anachotafuta. Mama Salma hakuitazama picha. Macho yalienda juu yake, kwenye kile kisanduku cha kutafutia: laba nyeupe za kike bei rahisi.

"Shika hivyo hivyo, mwanangu, usizime," akasema, huku akinakili herufi kwa herufi.

Usiku, Zuhura akaandika upya yote kwa kulisoma lile daftari. Simpo nyeusi za kazini. Mchuchumio mfupi wa sendofu. Viatu vya mguu mpana, havibani kidole. Alipofika kwenye raba akasita.

"Shangazi, hapa umekosea. Ni raba, siyo laba."

"Najua."

"Sasa watu watatuona hatujasoma."

Mama Salma alikuwa anafuta tope kwenye soli kwa mswaki wa zamani.

"Basi andika zote mbili," akasema. "Ya kwako tangulize."