Mwindaji wa Langoni

(Mawimbi. Punda analia kwa mbali. Msimulizi anaanza kwa sauti ya chini.)

Kisiwa cha Lamu, mwezi Januari. Kaskazi inavuma, majahazi yanayumbayumba gatini. Ndani ya mji huu wa mawe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba, na wapitao ni watu na punda. Lakini tuinue macho. Juu ya ukuta wa matumbawe, mtaa wa Langoni, kuna kiumbe ambaye hashuki chini bila sababu.

Shume.

Sikio lake la kushoto limechanika, alama ya vita vya mpaka na shume mwenzake wa Mkomani. Tangu alfajiri amelala. Paka huweza kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, akitunza nguvu kwa ajili ya dakika chache zitakazoamua kama atashinda na njaa au la.

Dakika hizo zimewadia.

Chini uani, Bimkubwa amekalia kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Kando yake pana ungo. Ndani ya ungo mna changu wanne, wamekwisha parwa magamba, wamepakwa chumvi na ndimu. Harufu inapanda ukutani. Pua ya Shume inacheza.

Hatoki. Mhenga alisema mvumilivu hula mbivu. Ila ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari, na kwake mbivu hazina maana. Mvumilivu huyu anangoja mbichi.

Masikio yanazunguka, kila moja upande wake. Moja linafuata mkwaruzo wa mbuzi: kwaru, kwaru, kwaru. Maadamu mlio huo unaendelea, mikono ya Bimkubwa ina kazi. Lakini macho yake? Macho ya Bimkubwa yamelinda jiko hili miaka arobaini. Hapa Shume amekutana na mlinzi wa kiwango chake, na tukiri wazi kwamba hatujui nani atashinda.

"Simile! Simile!" Punda aliyebeba mchanga anapita kichochoroni. Bimkubwa hageuki.

Kunguru anatua kwenye kamba ya nguo. Naye amewaona changu. Bimkubwa anampungia kipande cha kifuu, kunguru anaruka zake. Shume anatazama na kujifunza.

Kisha, mlangoni:

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

"Sikai, Bimkubwa. Nimerudisha sufuria yako. Umesikia ya harusi lakini?"

Mkwaruzo unakoma. Bimkubwa anainuka, anafuta mikono kwa leso, anaelekea mlangoni. Harusi gani tena?

Shume anashuka. Mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele, ili asiguse kitu ambacho hajakijaribu. Kucha amezificha ndani ya vidole zisigonge sakafu. Hatua nne. Anajibana nyuma ya mtungi. Hatua mbili. Amefika kwenye ungo, na sasa samaki yuko karibu mno kwa macho ya paka kumwona sawasawa. Sharubu zinasogea mbele, zinampapasa, zinampa umbo lake gizani mwa ukaribu.

Anaweza kumchukua mdogo. Wengi wangemchukua mdogo.

Anamchukua mkubwa.

"Nyau wee! Mwizi! Mwizi huyo!"

Kandambili inaruka. Hii ndiyo silaha ya kale ya uani, na mkono ulioirusha haujawahi kupoteza shabaha. Inapita juu ya mgongo wa Shume kwa upana wa kidole. Mgeni naye anachukua ufagio. Mlango umezibwa! Ukuta ni mrefu kwa aliyebeba mzigo. Limebaki tundu la kutolea maji, dogo kuliko kawa.

Lakini mifupa ya mabega ya paka haikufungwa kwa mifupa mingine. Pale kichwa kinapopenya, mwili hufuata. Kichwa kinapenya. Mabega yanapenya. Changu, aliyeshikwa kwa ubavu, anakwama.

Shume anarudi nyuma. Ufagio uko hewani. Anamtema changu, anamuuma upya kichwani, anamvuta kwa urefu wake. Mkia wa samaki unapotea tunduni, na ufagio unapiga sakafu tupu.

Kimya. Bimkubwa anainama kwenye tundu, mikono kiunoni.

"Kamchukua yule wa baba yao," anasema.

Mababu wa Shume, paka-pori wa Afrika, walianza kuishi na watu maelfu ya miaka iliyopita; huko Kupro paka alizikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 nyuma. Ujirani wa muda wote huo, na kati yao bado kuna kandambili.

Adhuhuri. Juu ya ukuta umebaki uti wa mgongo, mweupe. Shume anajilamba makucha. Chini uani, Bimkubwa anawafunika changu watatu kwa kawa, na juu ya kawa anaweka jiwe la kusagia.

Shume anafungua jicho moja. Analipima lile jiwe.