Kidato cha Nne 2006: kengele inalia tena

Wapendwa, habari za masiku.

Lile tangazo nililotuma wiki mbili zilizopita lipuuzeni. Lilianza na mchango, likaishia na tarehe ya mwisho ya mchango, na katikati nikasahau kusema tunakutana kufanya nini. Mliojibu ni 6, na mmoja aliweka kidole gumba tu. Kosa langu. Naanza upya.

Mnaikumbuka ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini? Mimi ndiye niliyekuwa naigonga saa 11 alfajiri, bweni zima likanilaani. Ukungu bado umefunika Uluguru, foleni ya bomba imeshafika jikoni, kila mtu na ndoo yake yenye jina lililochomwa kwa msumari wa moto. Ndoo isiyo na jina ilikuwa mali ya umma. Na suruali ya Jumapili ililazwa chini ya godoro tangu Ijumaa ili ijinyooshe. Ukijigeuza vibaya usiku, unakwenda paredi na mstari uliopinda. Wasichana mna yenu ya bweni la chini. Mje mtuambie, matroni ameshastaafu.

Basi, Jumamosi ya 12 Desemba 2026, saa 4 asubuhi, tukutane pale pale chini ya mwarobaini. Mkuu wa shule wa sasa amekubali. Mchana tutakula bwaloni: ugali na maharage kidogo kwa heshima ya zamani, kisha pilau. Tutawataja kwa majina wenzetu wanne waliotangulia. Saa 11 jioni mtu yuko huru.

Wa Dar, enzi zile ilikuwa basi la Ubungo na tranka juu ya keria. Siku hizi SGR inakufikisha Morogoro ndani ya saa mbili. Tutakata tiketi za asubuhi kwa pamoja. Ukija kwa basi, gari litakuwa Msamvu. Wenza na watoto karibuni.

Mchango ni shilingi 30,000, hata kwa mafungu. Mwaka ukikubana, mnong'oneze mweka hazina; sahani yako ipo vilevile na hakuna mwingine atakayejua. Na nawaomba, tusije kuulizana nani anaendesha nini. Tuliogea bomba moja.

Kujibu ni neno moja, hapa hapa: NIPO. Kama hujajua ratiba, andika LABDA, nitakugongea tena mwanzoni mwa Novemba. Aliyeko Maskati au Toronto atume sauti ya dakika moja, tutaipiga kwenye spika wakati wa chakula. Ukiwa na namba ya mwenzetu asiyekuwemo humu, muulize kwanza, akiridhia nitamuunga.

Mimi naanza: NIPO. Rimu nayo nimeiulizia, bado inaning'inia.

Mpiga kengele wenu