Penseli ya Rangi ya Ngozi

Neema alirudi kutoka shuleni akiwa kimya, akauweka mkoba wake sakafuni karibu na kiti ambacho bibi yake alikuwa ameketi akishona kifungo cha shati. Bibi hakumuuliza neno. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na alikwisha kujua kwamba mtoto mwenye jambo moyoni hulitoa mwenyewe akiachiwa nafasi.

"Bibi," alisema hatimaye, "kwa nini darasani kwetu hatufanani rangi?"

"Nani amelianzisha hilo leo?"

Ikajulikana kwamba mwalimu aliwaagiza wajichore, na kwamba watoto wa meza yake waligombania penseli moja waliyoiita rangi ya ngozi, ingawa hapakuwa na hata mmoja wao aliyefanana nayo. Zuhura ni maji ya kunde, Musa ni mweusi tii, na Amani ana ngozi nyeupe sana na nywele za manjano. Mtoto mmoja alidai kwamba Musa ameunguzwa na jua, kisha akaongeza kwamba Amani hakuiva tumboni mwa mama yake. Meza nzima ikacheka.

"Nawe ulicheka?"

Neema alitazama vidole vyake. "Kidogo."

Bibi aliikita sindano kwenye kitambaa, akaliweka shati kando.

"Mtu hapikwi, mjukuu wangu, hata tuseme huyu ameungua na yule hakuiva. Katika tabaka la juu la ngozi, kule chini kabisa, mna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Musa anazo, Zuhura anazo, Amani anazo, na idadi yake kwa watu wote inakaribiana. Kinachotofautiana ni kiasi cha melanini ambacho seli hizo hutengeneza, na aina yake pia, kwa kuwa ipo ya kahawia inayoelekea weusi na ipo ya wekundu unaoelekea manjano. Kiasi hicho tunakirithi kwa wazazi. Jua laweza kumwongezea mtu weusi kwa muda, lakini Musa alizaliwa na rangi yake."

"Kwa nini wasirithi wote sawasawa?"

Swali hili lilimfurahisha Bibi, maana wauguzi wanafunzi aliowahi kuwaelekeza hawakuwa wakilifikia haraka hivyo. Alimweleza kwamba karibu na Ikweta jua ni kali mwaka mzima, na mionzi yake huharibu foleti, vitamini ambayo mwili unaihitaji, hasa mwili wa mama mwenye mimba, ili mtoto akue vyema. Kwa hiyo melanini nyingi iliwakinga watu wa huko kama mwavuli. Waliohamia mbali na Ikweta, ambako jua ni hafifu kwa miezi mingi, walikuwa na shida iliyo kinyume cha hiyo, kwani ngozi huhitaji mionzi hiyohiyo ili itengeneze vitamini D inayoimarisha mifupa, na kwa maelfu ya miaka, kizazi baada ya kizazi, ngozi zao zikawa nyeupe zaidi.

"Basi Amani ametoka mbali na Ikweta?"

"Hapana. Wazazi wake umewaona?"

"Weusi, kama mimi."

"Kila mmoja wao alikuwa na chembe ya urithi ya ualbino bila kuonyesha dalili yoyote, na Amani akazipokea zote mbili. Seli zake zipo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha. Hauambukizi, wala si kosa la mama yake. Jua humuunguza upesi, ndiyo sababu ya kofia na mikono mirefu, na macho yake pia huhitaji melanini ili yaone vizuri."

"Ndiyo maana anakaa mbele!" Neema alisema, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko mwanzo. "Nilidhani mwalimu anampendelea."

Bibi hakujibu. Neema alifungua mkoba, akatoa boksi lake la penseli na karatasi, akamwomba Bibi aweke mkono mezani asiutikise. Alianza na kahawia, akaona haitoshi, akapitisha nyeusi kwenye vifundo vya vidole na nyekundu kidogo karibu na kucha. Alipougeuza mkono kuchora kiganja, ambacho kilikuwa cheupe kuliko mgongo wake, ilimbidi aanze upya kwa penseli nyingine tatu.

"Bibi, mkono mmoja umemaliza nusu ya boksi."

"Na bado hujachora makovu."

Katika boksi ilibaki ile penseli waliyoigombania shuleni. Neema aliishika, akaulinganisha mkono wa Bibi nayo, kisha wake mwenyewe.

"Sasa hii tuiiteje?"

Bibi aliipokea, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Mimi naona ni ya waridi tu."