Notisi za mhadhara: Usanifishaji wa Kiswahili na uteuzi wa Kiunguja

Wenzangu, nimenukuu rekodi yote ya mhadhara wa Jumanne kisha nikaichuja. Mwalimu alianzia kwenye Kamati ya Lugha, akarudi kwa wamisionari, akamalizia na mkutano wa Mombasa. Mimi nimepanga kwa miaka. Dakika zilizotajwa ni za kwenye rekodi. Kuanzia dakika ya 52 hadi ya 55 mvua ilipiga bati na sauti haisikiki kabisa, kwa hiyo sehemu hiyo sikuijaza kwa kubuni.

Hoja kuu

Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu kwa uamuzi wa kiutawala. Mwalimu alilirudia hili mara tatu (dakika ya 9, 31 na 70): "Msiniandikie kwamba kilichaguliwa kwa sababu ni fasaha kuliko Kimvita." Kimvita ni lahaja ya Mombasa. Wekeni msitari chini yake.

Kabla ya usanifishaji

Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kazi yake ikaegemea Kimvita. Kamusi yake ilitoka 1882. Mmisionari mwingine, Edward Steere, alifanyia kazi Unguja, na kitabu chake cha sarufi kilitoka 1870. Kwa hiyo kambi mbili zilikuwapo mapema, kila moja na lahaja yake na vitabu vyake vya dini. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala na shule, na Waingereza wakakikuta tayari kimeenea.

1925 hadi 1930

1925: mkutano wa elimu Dar es Salaam, ambapo haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule ilijitokeza.
1928: mkutano wa Mombasa. Kiunguja chateuliwa.
Januari 1930: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki yaanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Katibu wa kwanza ni Frederick Johnson. Kamusi inayobeba jina lake ilitoka 1939.

Kwa nini Kiunguja? (dakika ya 24 hadi 51, hapa ndipo penye uzito)

Misafara ya biashara ilitoka Unguja, ikavuka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji hadi Kongo. Kiswahili kilichokwenda bara kilifanana zaidi na cha Unguja. Serikali haikutaka kufundisha upya watu waliokwisha kukijua.

Wapinzani nao walikuwa na hoja nzito. Kimvita kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji, na Kiamu, lahaja ya Lamu, kilikuwa na Utendi wa Mwana Kupona. Yaani lahaja zenye hazina kubwa ya ushairi ziliachwa. Mwalimu aliandika ubaoni:

njia (Kiunguja), ndia (Kimvita)
nchi (Kiunguja), nti (Kimvita)
njoo (Kiunguja), ndoo (Kimvita)

Mwenzetu wa Mombasa akasema nyanyake akimwita "ndoo!" hakuna anayefikiria maji. Darasa likacheka, lakini Mwalimu akalishika hapo hapo: neno hilo hilo, likiandikwa kwenye insha ya shule, litasahihishwa kuwa kosa. Huo ndio mfano bora wa athari ya usanifishaji. Utumieni kwenye mtihani.

Kasoro nyingine aliyoisisitiza: Kamati ilipoanza haikuwa na Mwafrika hata mmoja, wakati ndiyo iliyoamua tahajia na kupitisha vitabu.

Baada ya hapo, kwa ufupi: mwaka 1964 Kamati ikawa taasisi chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, baadaye TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na tangu 2009 ni TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa kwa sheria ya 1967.

Istilahi

*Lahaja*: namna ya kuzungumza lugha moja inayotofautiana kieneo au kijamii. Lugha sanifu nayo hutokana na lahaja.
*Usanifishaji*: kuteua lahaja, kuiwekea kanuni, kuipanua na kuifanya ikubalike. Hatua hizi nne ni za mwanaisimu Einar Haugen (1966). Zijueni kwa mpangilio.
*Tahajia*: kanuni za kuandika maneno kwa herufi. Msiichanganye na matamshi.

Maswali yanayoweza kutoka

1. "Kiunguja kiliteuliwa kwa ubora wake wa kilugha." Jadili. (Hili ndilo ninaloliamini zaidi. Anza na misafara, kisha upe Kimvita haki yake.)
2. Tumia hatua nne za Haugen kueleza usanifishaji wa Kiswahili. Mkutano wa 1928 ni uteuzi, kamusi ya 1939 ni uwekaji kanuni. Kukubalika ndiko kugumu, maana Mombasa walipinga.
3. Huku ukitoa mifano mitatu, linganisha sauti za Kiunguja na Kimvita.
4. Tathmini kazi ya Kamati ya Lugha, faida na kasoro.

Aliyekaa mbele siku ile na akaandika yaliyosemwa wakati wa mvua, anitumie nijazie kabla ya Ijumaa.