Ripoti: lebo za watoto wawili zimepishana wodi ya wazazi, zamu ya usiku wa kuamkia Jumatano

Shikamoo Metroni. Sista inchaji, dokta wa zamu na timu ya ubora, habari za asubuhi. Naandika hapa mapema kabla sijatoka kwa sababu fomu ya tukio nimeshaijaza kwa mkono ila najua itachukua muda kufika mezani kwenu, na hili jambo naona lisisubiri. Majina ya akina mama sijayaandika makusudi, yapo kwenye fomu na kwenye mafaili. Hapa nawaita mama wa kawaida (yupo kitanda 4) na mama wa opareshen (yupo kitanda 11).

Kwa kifupi: usiku huu watoto wawili wa kike wamekutwa kila mmoja ana lebo ya mkononi ya mama mmoja na lebo ya mguuni ya mama mwingine. Imegundulika kabla mtoto hajakabidhiwa, kabla ya dawa yoyote kutolewa kwa lebo hizo na kabla ya kunyonya. Watoto wote wako salama na kila mmoja yupo na mama yake.

Sasa ilivyokuwa. Mama wa kawaida alijifungua saa 8:10 usiku, mtoto alilia vizuri, apga 8 kisha 10, uzito gramu 2,900, na mkunga aliyempokea aliandika kwenye faili pale pale kwamba ana kidole cha ziada mkono wa kushoto, kile kidogo kinachoning'inia pembeni ya kidole cha mwisho. Aliwekwa tumboni kwa mama kama kawaida lakini mama akaanza kutoka damu nyingi, ikabidi mtoto aondolewe haraka apelekwe kwenye kitanda cha joto ili mikono yote iende kwa mama. Saa 8:22 thieta wakatoa mtoto wa mama wa opareshen, huyu mapigo ya moyo yalishuka ndo maana alipelekwa haraka, apga 6 kisha 9, gramu 3,350, nilimpokea mimi, alipewa pumzi kidogo kwa ambu akachangamka, nikamkabidhi aletwe chumba cha watoto aangaliwe. Vitamini K wote walishapata, mmoja leba mmoja thieta, kila mtoto akiwa na mama yake, hapo hakuna shaka.

Mnajua kwamba vitanda vya joto tunavyo viwili na kimoja hakiwaki tangu kabla ya mvua hizi. Kwa hiyo watoto wote wawili walilazwa kwenye kimoja, mmoja huku mmoja huku, wote wamefungwa khanga, wote wa kike, na mama zao jina la kwanza ni moja. Lebo nne ziliandikwa kwa pamoja pale pale juu ya kaunta, zikawekwa kwenye trei moja, halafu zikafungwa. Za mkononi zilikwenda sawa. Za mguuni zikapishana.

Aliyeliona ni mwanafunzi wetu wa ukunga. Saa 10:50 mama wa opareshen alishatoka kwenye usingizi na kurudishwa wodini, akaomba mtoto anyonye, mwanafunzi akatumwa kumleta. Wengi wetu tunasoma mkono tu tukiona jina tunabeba, yeye akafungua khanga akasoma na mguu, akaganda pale akaniita "sista njoo uone, huyu ana mama wawili". Hakumbeba na hakubadilisha kitu. Naomba hili liandikwe kwenye kitabu chake cha mazoezi na aambiwe asante mbele ya wenzake, kwa sababu mwanafunzi anayeona kitu saa 11 kasoro usiku na akathubutu kumsimamisha mkubwa sio jambo dogo.

Tulichofanya baada ya hapo. Nilisema hakuna mtoto anayehama, hakuna lebo inayokatwa, na hakuna sindano inayochomwa mpaka tumalize. Hiyo ya sindano naitaja kwa sababu mama wa kawaida chupa yake ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, dokta alishaandika mwanae aanze ampisilini na jentamaisini, na dozi ya kwanza ilikuwa ianze saa 11. Zile dozi zinapigwa kwa kilo. Kama tungechelewa kidogo mtoto asiyehusika angechomwa dozi isiyo yake na anayehusika angekaa bila dawa, na angekuwa anaonekana mzima tu kwa masaa kadhaa. Ndo maana mi siwezi kuliita hili jambo dogo hata kama hakuna aliyeumia.

Nikamwita dokta wa zamu na mkunga aliyempokea yule mtoto wa leba, tukafungua mafaili yote mawili tukasimama watatu. Kidole cha ziada kilikuwepo kwa mtoto mwenye lebo ya mkononi ya mama wa kawaida, mkono wa kushoto kama ilivyoandikwa, na mwingine hana. Tukapima uzito upya, gramu 2,890 na 3,340, zinaendana na za kuzaliwa na tofauti kati yao ni kubwa huwezi kuchanganya. Kichwa sikukitegemea, maana mama wa opareshen naye alishafika mbali kwenye uchungu na kichwa cha mwanae kilikuwa kimevutika vile vile. Kundi la damu pia hatukulitumia kama ushahidi, watoto wawili wanaweza kuwa na kundi moja na bado isikwambie kitu. Mimi niliyempokea mmoja na mkunga aliyempokea mwingine tulitambua kila mtu mtoto wake bila kuambizana kwanza, dokta alituuliza mmoja mmoja nje ya chumba.

Kuna sampuli moja ilinipa wasiwasi. Mama wa opareshen ni O negativu, damu ya kitovu ilichukuliwa ili ijulikane kama anahitaji sindano ya anti-D, na ile ina masaa 72 tu. Nimefuatilia, ilichukuliwa thieta kabla mtoto hajatoka mle ndani na kichupa kiliandikwa pale pale, kwa hiyo haikupita kwenye ile trei. Hata hivyo nimeongea na maabara wairudie kwa damu ya mtoto mwenyewe asubuhi hii ili tusibaki na maswali, majibu naomba inchaji ayafuatilie yasipotee.

Akina mama tumewaambia wote wawili. Kulikuwa na wazo kwamba lebo zirekebishwe kimya kimya kwa kuwa watoto wanajulikana, mi nilikataa na dokta akaniunga mkono. Mama anayo haki ya kujua, na akija kusikia korido kutoka kwa mtu wa usafi ataishi na hayo mashaka mpaka mtoto anaenda shule. Mama wa kawaida alitusikiliza mpaka mwisho akasema "nilimwona kidole alipowekwa tumboni, mletee tu kile kidole", akampokea, akamfungua mkono akaangalia, akamnyonyesha. Mama wa opareshen yeye hakuwahi kumwona mwanae vizuri, alikuwa amelazwa usingizi, kwa hiyo kwake hakuna kumbukumbu ya kushika. Bibi wa mtoto ambaye yupo nae alikasirika na akasema maneno makali, na simlaumu hata kidogo. Tumewaonyesha faili, uzito, na lebo zenyewe. Dokta amewaeleza pia kwamba kama familia itabaki na shaka, kipimo cha vinasaba hapa nchini kinapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na hospitali itawaandikia. Hawajaomba, wamesema wataongea na baba wa mtoto kwanza.

Lebo za zamani tumezikata mbele ya mama husika, mtoto mmoja mmoja, mwingine akiwa chumba kingine kabisa. Lebo mpya zimeandikwa kando ya kitanda cha mama: majina matatu ya mama, namba ya faili, jinsia, tarehe na saa ya kuzaliwa, mama akasoma mwenyewe kwa sauti ndo zikafungwa, mkono na mguu, na ya tatu mama kafungwa yeye. Antibaiotiki ya mtoto wa kitanda 4 imeanza saa 11:35, kwa kuchelewa kidogo, ipo kwenye chati. BCG na polio kwa wote bado.

Kuhusu nani alifunga zile lebo, jina lipo kwenye fomu kwa sababu fomu inataka, lakini naomba sana lisiwe ndo mwisho wa mazungumzo. Tulikuwa wakunga watatu, mmoja mikono yake miwili ipo tumboni kwa mama anayetoka damu, mmoja thieta, na mmoja chumba cha watoto peke yake na wengine leba wanaita. Yeyote angewekwa pale angeweza kupishanisha. Nikimpa barua ya onyo leo, kesho mwenzake akiona lebo zimepishana atazirekebisha haraka na kunyamaza, na hiyo inanitisha kuliko tukio lenyewe.

Ninachoomba mimi ni hiki. Lebo zifungwe pale mtoto alipozaliwa, leba au thieta, kabla hajatenganishwa na mama, hata kama ni kwenda mita tatu tu, na hata mama akiwa anatoka damu kuwe na mtu mmoja kazi yake ni hiyo ya nusu dakika. Kwa hilo lebo tatu zikae tayari ndani ya kila seti ya kuzalishia, maana usiku huu zilikuwa kwenye droo ya chumba cha watoto, ndo sababu watoto waliletwa uchi wa majina. Zisiandikwe za watoto wawili kwa wakati mmoja. Na kila anayembeba mtoto asome mkono na mguu vyote, halafu mama aulizwe "mama unaitwa nani majina yako matatu", sio "wewe ndo mama fulani?" kwa sababu mama mwenye usingizi na maumivu anaitikia tu ndiyo. Kutaja namba ya kitanda haitoshi, Shirika la Afya Duniani walishasema tangu 2007 tutumie angalau vitambulisho viwili na namba ya chumba isiwe kimojawapo, na kitanda ni vile vile, ila sisi bado tunaitana kwa vitanda.

Kile kitanda cha joto kibovu nimeshakiandikia zaidi ya mara moja, Metroni naomba safari hii kiandikiwe na wewe mwenyewe, fundi atasikia.

Lebo nne za zamani zipo kwenye bahasha imefungwa na kusainiwa na mimi, dokta na mkunga mwenzangu, ipo kwenye kabati la dawa lenye kufuli, funguo amepokea sista wa asubuhi. Mafaili yote mawili yapo kwa inchaji, yasiende rekodi kwanza. Mama wa kitanda 11 ameomba aongee na mkubwa wa wodi kabla ya raundi, baba wa mtoto anafika saa 4 asubuhi, ingefaa Metroni au inchaji awepo wakae nao chumba cha pembeni na sio pale kitandani wenzake wakisikiliza. Mi nipo kwenye simu mpaka saa 6 mchana, nikihitajika kueleza tena kwa familia nitarudi.